Xinghua Ngapi Ziko Taizhou?

Dada mmoja mwenye duka la vifaa vya umwagiliaji karibu na soko la Kilombero, hapa Arusha, alikuja ofisini kwangu mwaka 2023 na karatasi tatu kwenye bahasha ya kaki. Ya kwanza ilikuwa profoma invoisi ya pampu 60 za umeme wa jua, jumla dola 18,000. Ya pili ilikuwa taarifa ya benki yake kwamba malipo ya awali ya asilimia 30, yaani dola 5,400, yamerudi kutoka China, tena yakiwa pungufu kwa sababu benki za njiani zimekata chao. Ya tatu ilikuwa mazungumzo ya WhatsApp aliyoyachapa. Muuzaji anaomba radhi, anasema akaunti ya kiwanda ina usumbufu wa jina, basi safari hii atume kwenye akaunti ya Hong Kong. Jina la akaunti hiyo lilikuwa tofauti kabisa na la kwenye profoma.

"Kaka, hawa ni walewale au nimeshaliwa?"

Naandaa nyaraka za forodha kwa wafanyabiashara wa Arusha na Moshi, na swali hilo huletwa mezani kwangu kwa sura nyingi. Mtu yeyote aliyezoea habari za utapeli angemjibu papo hapo: jina limebadilika, akaunti imebadilika, kimbia. Ni ushauri wa busara, na kwa mtu asiye na muda wa kuchunguza ndio ningempa. Lakini unatokana na dhana kwamba yale maneno ya Kilatini juu ya profoma ni jina la kampuni. Siyo. Na ukishaelewa kwa nini siyo, utaona pia kwamba majina mawili tofauti yanaweza kuwa kampuni moja, na jina moja lisilotofautiana hata nukta likawa kampuni mbili.

Jina halisi la kiwanda kile nitaliacha. Nitatumia maneno mawili ya mfano ambayo kule ni ya kawaida kama "Meru" na "Umoja" kwenye vibao vya maduka yetu: Taizhou, ambao ni mji, na Xinghua, ambalo ni jina la biashara. Akaunti ya Hong Kong, kwa mfano huohuo, iliandikwa Hing Wah.

Katika China bara, jina linalosajiliwa ni lile la herufi za Kichina peke yake. Kwa kawaida hupangwa hivi: mahali, kisha neno la kampuni yenyewe, kisha aina ya shughuli, kisha muundo wake, kwa mfano 有限公司, sawa na "Limited" yetu. Jina la Kiingereza halimo kwenye usajili huo. Kampuni hujichagulia. Kijana wa mauzo anaweza kuandika moja kwenye profoma, mtengeneza tovuti akaandika la pili, na mhasibu aliyefungua akaunti ya dola akawa aliwapa benki la tatu. Hakuna aliyevunja sheria. Sisi tuliozoea cheti cha BRELA chenye jina kwa herufi zilezile tunazoandika kwenye invoisi tunashindwa kuamini kwamba mtu anaweza kuuza nje ya nchi bila jina moja la Kiingereza lililothibitishwa na serikali yake. Ndivyo ilivyo.

Tuanze na Xinghua. Maandishi hayo ni pinyin, utaratibu rasmi wa China wa kuandika matamshi kwa herufi za Kilatini tangu mwaka 1958. Pinyin kamili ina alama za toni juu ya irabu, lakini kwenye invoisi, benki na bili ya shehena alama hizo huachwa. Zikishaachwa, Xinghua inaweza kuwa 兴华, "kustawi kwa China". Inaweza kuwa 星华, inayoanza na "nyota". Inaweza kuwa 杏花, ua la mwaprikoti. Inaweza kuwa 兴化, ambao ni mji. Maneno manne, kampuni nne kama si mia nne, na sisi tunaona neno moja.

Kwa msomaji wa Kiswahili jambo hili si geni kiasi hicho. Wazee wa pwani walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walikuwa na herufi moja, ba, iliyoweza kubeba b, p na hata mb. Msomaji alijua ni ipi kwa kuwa aliijua lugha na alijua utenzi unaelekea wapi. Mgeni aliyekabidhiwa neno moja tu, bila utenzi, angebahatisha. Karani wa benki Arusha anayesoma "Xinghua" ni huyo mgeni.

Halafu mji wenyewe. Kuna Taizhou mbili. Moja ni 台州, mkoa wa Zhejiang, na chini yake kuna Wenling, mji wenye viwanda vingi vya pampu za maji. Nyingine ni 泰州, mkoa wa Jiangsu. Zinatofautiana kwa herufi na kwa toni ya silabi ya kwanza, na pinyin isiyo na toni inazifanya mapacha. Sasa sikiliza hili, maana mimi mwenyewe nilipoliona nilicheka: ule mji wa Xinghua, 兴化, uko chini ya Taizhou ya pili, ile ya Jiangsu. Kwa hiyo "Taizhou Xinghua" inaweza kuwa kampuni iitwayo Xinghua iliyoko Zhejiang, au kampuni iliyoko mji wa Xinghua huko Jiangsu. Ukiitafuta kwenye ramani kwa herufi za Kilatini utaipata, na utaridhika, na huenda umeipata isiyo yako.

Upande wa pili kuna tatizo la kinyume. Herufi 兴华 zikisomwa Kikantoni, lugha ya Hong Kong, zinakuwa Hing Wah. Kwa utaratibu wa zamani wa Wade na Giles, ambao hadi leo unaonekana kwenye majina ya Taiwan, zinakuwa Hsing-hua. Bia maarufu ya Tsingtao inatoka mji ambao ramani za leo zinauandika Qingdao. Jina la bia lilibaki na tahajia ya zamani, mji ukaenda na pinyin. Kampuni ya majokofu ya Haier, ya mjini humohumo, ilipata jina lake kutoka kwa mshirika wake wa Ujerumani, Liebherr. Wachina waliliandika jina hilo kwa herufi nne, 利勃海尔, mbili za mwisho zikabaki kuwa jina la kampuni, kisha zikarudi kwenye Kilatini kama Haier. Mjerumani aliyelala miaka hiyo yote akiamka leo asingetambua kwamba anatazama mkia wa jina la kwao.

Kwa hiyo Hing Wah na Xinghua zinaweza kabisa kuwa neno moja. Hilo lilimpa dada yule pumzi. Lakini nikamwambia asikae kwanza, maana neno moja si kampuni moja.

Kabla ya kufika Hong Kong, tuangalie kwa nini fedha za kwanza zilirudi. Profoma ilikuwa na maneno "Mechanical & Electrical". Kwa Kichina ni herufi mbili tu, 机电, na mfasiri ana uhuru mkubwa: anaweza kuandika hivyo, au "Machinery and Electric", au neno moja "Electromechanical". Mwenye akaunti, kama tulivyokuja kujua, alikuwa amewapa benki yake "Machinery Electric". Juu ya hilo, ujumbe wa wakati ule wa SWIFT, mtandao ambao benki hupitishia maagizo ya malipo, haukuwa na alama ya &. Mpangilio wake wa herufi ulikubali nukta, mkato, mabano, hata alama ya kujumlisha, ila & haumo. Jina na anwani ya mpokeaji vilipaswa kukaa ndani ya mistari minne ya herufi 35 kila mmoja. Karani akageuza & kuwa "and", jina likavunjika katikati, likamwagika kwenye mstari wa anwani. Benki ya kule ikalinganisha na jina ililonalo, ikaona hayafanani, ikarudisha.

Utaratibu huo wa zamani wa malipo ya kimataifa ulifikia mwisho Novemba 2025. Mpya unatoa nafasi ya herufi 140 kwa jina, na & imekubaliwa. Herufi za Kichina bado hazipiti. Kwa maana hiyo tumepewa nafasi pana zaidi ya kuandika kitu ambacho bado si jina.

Sasa kazi yenyewe. Nilimwambia dada amwombe muuzaji vitu viwili: jina la Kichina la kampuni kama maandishi ya kunakili, si picha, pamoja na ile namba yao ya herufi 18. Kuanzia Oktoba 2015 kampuni za China zilianza kupewa namba hiyo moja, iliyochukua nafasi ya namba kadhaa za zamani, ya kodi ikiwemo. Muuzaji wa kweli huituma baada ya dakika mbili kwa sababu iko kwenye leseni yake ya biashara ukutani. Huyu aliituma kabla dada hajamaliza soda.

Namba hiyo inasomeka, haihitaji kujua Kichina. Ya kwetu ilianza 91331081. Tarakimu 9 inaonyesha imesajiliwa na mamlaka ya soko na biashara, na 1 inayofuata inaonyesha ni kampuni. Mfanyabiashara binafsi angeanza na 92. Sita zinazofuata ni eneo la usajili: 33 ni Zhejiang, 3310 ni Taizhou ya huko, 331081 ni Wenling. Ile Taizhou ya Jiangsu ingeanza na 3212. Hivyo swali la miji pacha, ambalo ungelikesha nalo kwenye ramani, limejibiwa na tarakimu nne. Herufi I, O, S, V na Z hazitumiki kabisa kwenye namba hizo ili zisichanganywe na alama nyingine, kwa hiyo ukiona O ujue mtu amekosea sifuri au ameitunga. Na ya 18 hukokotolewa kutokana na 17 za mwanzo, hivyo kosa la kuandika tarakimu moja linajitokeza lenyewe kwa anayejua hesabu yake.

Kisha mhuri. Tuliweka profoma juu ya meza, nikamulika kwa tochi ya simu mhuri mwekundu wa duara wenye nyota katikati. Herufi zinazunguka ukingoni kuanzia kushoto kwenda kulia. Nilimpa dada jina la maandishi kwenye simu yake, tukahesabu na kulinganisha moja moja, kama watoto wanaotafuta tofauti kati ya picha mbili. Herufi ya kwanza ilikuwa 台, si 泰. Ya tatu 兴, ya nne 华. Chini ya nyota kulikuwa na mstari wa tarakimu, na dada akashtuka kwamba haufanani na namba aliyotumiwa. Ile ni namba ya mhuri wenyewe, kwa kawaida tarakimu 13. Si namba ya kampuni. Nimeona mtu mzima akivunja mkataba mzuri kwa sababu hiyo.

Mwisho tukatazama daftari la wazi la serikali ya China, gsxt.gov.cn. Ukiwa nje ya China mara nyingi halifunguki vizuri, ikabidi nimsumbue kijana wa Usa River anayesoma Hangzhou. Alinitumia picha ya ukurasa: jina lilelile, namba ileile, hali 存续, yaani ipo na inaendelea, na jina la mwakilishi wa kisheria. Kama ungekuta 吊销, leseni imefutwa kwa adhabu. 注销, kampuni imefungwa rasmi. Wafasiri wengi huziandika zote mbili kwa neno moja la "kufutwa", na tofauti yake ni kubwa ukiwa na deni la kudai.

Hong Kong ni daftari jingine na sheria nyingine. Pale kampuni inaweza kusajili jina la Kiingereza, la Kichina, au yote mawili, na la Kiingereza linakuwa jina la kisheria kweli. Kwa ada ndogo unapata taarifa zake pamoja na wakurugenzi. Hing Wah ilikuwepo, na jina lake la Kichina lilianza na 興華. Kwa jicho ni herufi nyingine kabisa. Kwa kweli ni 兴华 ileile kwa umbo la zamani ambalo Hong Kong haikuliacha. Kompyuta haijui hilo isipofundishwa: kwake 兴 ni U+5174 na 興 ni U+8208, namba mbili zisizo na udugu. Ukibandika moja kwenye sehemu ya kutafutia isiyotambua udugu huo, nyingine haitokei. Mkurugenzi alikuwa na herufi tatu za jina zilezile za mwakilishi wa kiwanda.

Basi, walewale? Mwenye mali ni yuleyule. Kampuni ni mbili. Ya Wenling ina namba ya herufi 18, ya Hong Kong ina yake ya tarakimu 8, na deni la mmoja si deni la mwingine. Hapa ndipo nilipomkatalia dada, na alinuna kidogo, maana alishaanza kufurahi. Invoisi inasema muuzaji ni kiwanda. Ukiilipa Hing Wah na pampu zisije, kiwanda kitasema hakijapokea hata senti, na kitakuwa kinasema kweli. Ukizipokea, bado una forodha. Chini ya Jedwali la Nne la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ushuru huanzia kwenye bei iliyolipwa kweli kwa bidhaa zile, na ofisa ana haki ya kuuliza ushahidi wa malipo. Ukimwonyesha invoisi ya Xinghua na malipo ya Hing Wah, umempa sababu ya kuitilia shaka bei yako, na kontena linaendelea kula tozo za bandarini wakati mnabishana tahajia.

Njia ya kulipa Hong Kong kihalali ipo: barua ya kiwanda yenye mhuri inayotaja namba zote mbili na kuelekeza malipo yaende kule, ikaambatanishwa na mkataba. Lakini kulikuwa na njia rahisi zaidi. Tuliomba barua ya benki ya Wenling yenye jina la Kiingereza la akaunti jinsi benki inavyolihifadhi. Ikaja, ndipo tukaona "Machinery Electric". Profoma ikaandikwa upya kwa jina hilo, chini yake jina la Kichina, chini yake namba. Malipo ya pili yalipita.

Namba ina mipaka yake, nisije nikaeleweka vibaya. Inathibitisha kwamba kampuni hiyo ipo. Haithibitishi kwamba unayechati naye anatoka humo. Leseni ya mtu mwingine inapigwa picha kama kitu chochote. Ndiyo maana barua ya benki ilinitoa wasiwasi zaidi kuliko leseni, na ndiyo maana dada alipiga simu ya mezani iliyoko kwenye daftari la serikali badala ya ile ya WhatsApp.

Wapo wanaosema dawa ni kanuni moja ya kuandika majina ya kigeni. Sikubaliani nao. Kanuni hazijakosekana. Kwa Kirusi ipo ISO 9 ya mwaka 1995, inayompa kila herufi ya Kirusi mwenzake mmoja wa Kilatini hata unaweza kurudi ulikotoka bila kupoteza kitu. Inafanya hivyo kwa kutumia alama juu ya herufi, Ш ikawa š. Mpeleke š benki, kofia inaondolewa, inabaki s, ambayo tayari ni ya herufi nyingine. Kijapani nacho hakitenganishi l na r, kwa hiyo mlima unaoonekana kutoka dirisha la Bodi ya Kahawa pale Moshi ukiandikwa キリマンジャロ na kurudishwa Kilatini silabi kwa silabi unatoka Kirimanjaro. Kanuni imefuatwa vizuri kabisa, na mnunuzi wa kahawa ana jina la mlima usiokuwepo. Kinachopotea kikishapotea, kanuni haikirudishi.

Kilicho ndani ya uwezo wetu ni kubeba jina la asili na namba ya nyumbani pamoja na hilo la Kilatini, kila hatua. Sheria yetu ya Makampuni inaitaka kampuni ya kigeni inayofungua ofisi hapa ilete hati zake za kuanzishwa, na kama si za Kiingereza zije na tafsiri iliyothibitishwa. Wafasiri wawili watatoa majina mawili, kama 机电 ilivyotuonyesha. Mwanasheria anayenukuu jina hilo kwenye mkataba wa ardhi au wa mgodi aliweke la asili pembeni yake na namba chini. Kuna pia namba ya kimataifa ya herufi 20, LEI, ambayo kumbukumbu zake huhifadhi jina la kisheria kwa herufi zake zenyewe, la Kilatini likiwa nyongeza. Ni kitu kizuri, ila ina ada ya kila mwaka, na sitarajii karakana ya pampu Wenling iinunue kwa ajili ya duka la Kilombero.

Mwaka huu dada ameagiza tena. Profoma ilifika na neno "Company" likiwa na m mbili, na Xinghua imeachanishwa kuwa maneno mawili. Alilinganisha namba ya herufi 18, akachukua jina la akaunti kwenye ile barua ya benki badala ya profoma, akaenda kulipa. Nilikuja kujua mzigo ulipofika, aliponiletea nyaraka.